Vinundu kwenye korodani za mwenye CAH: vikatwe au visikatwe?

Swali (Juni, kutoka Mafinga): Kamwene daktari. Nina miaka 31, nafanya kazi ya mbao. Nilizaliwa na CAH, ugonjwa wa kurithi wa tezi za adrenali, natumia prednisoloni 5 mg asubuhi, ila nikijisikia mzima huwa naruka siku. Tuna miaka mitatu ya ndoa bila mtoto, na kipimo cha shahawa mara mbili hakikuonyesha mbegu hata moja. Ultrasaundi imeona uvimbe korodani zote mbili, wa sentimita 2.1 na 1.6. Nimeambiwa zitolewe zote, huenda ni saratani. Nikubali?

Jibu: Kamwene kaka. Fomu ya upasuaji usiisaini kwanza. Nimesoma majibu uliyoambatanisha, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kile ambacho hakikuandikwa: kwenye fomu ya ultrasaundi, sehemu ya historia ya mgonjwa, pameandikwa neno "uvimbe" tu. Aliyesoma picha hakujua una CAH. Angejua, angefikiria kitu kingine kabla ya saratani.

Tuanzie kwenye tezi zako mbili za adrenali, zinazokaa juu ya figo. Kwa mtu mwenye CAH, tezi hizo zina upungufu wa kimeng'enya kimoja kinachohitajika kutengeneza homoni ya kotisoli. Ubongo ukiona kotisoli haitoshi, hutuma homoni ya ACTH kuzihimiza tezi zifanye kazi zaidi. Tezi hujitahidi, hunenepa, lakini mali ghafi ikishindwa kuwa kotisoli humwagika upande wa homoni za kiume. Prednisoloni yako ina kazi mbili kwa mpigo: kuziba pengo la kotisoli, na kuutuliza ubongo upunguze ACTH. Siku unayoruka kidonge, ACTH inapanda, hata kama wewe mwenyewe unapasua mbao bila kuhisi lolote.

Sasa korodani. Mtoto akiwa tumboni, tezi za adrenali na korodani huanza kuumbika jirani, na chembechembe chache za adrenali zinaweza kushuka pamoja na korodani. Kwa watu wengi hazileti shida. Kwako zimekuwa zikipata ACTH nyingi kwa miaka, nazo zikanenepa kama tezi zenyewe zilivyonenepa. Hivyo ndivyo vinundu vyako. Si saratani, na havisambai kwenda mapafuni wala kwenye ini. Tafiti zikijumlishwa, karibu wanaume 4 kati ya 10 wenye CAH wanavyo, na vikiwa chini ya sentimita 2 mara nyingi mkono hauvigundui. Ndiyo maana kila mwanaume mwenye ugonjwa huu anapaswa kupigwa ultrasaundi ya korodani tangu ujana, asisubiri hadi ndoa imkwamie.

Mambo matatu kwenye karatasi zako yananielekeza huko. Vinundu viko pande zote mbili, wakati saratani ya korodani kwa kawaida huanza upande mmoja. Vimekaa katikati, pale vijimirija vya mbegu vinapokutana kabla ya kutoka nje ya korodani. Na vipimo vya damu vya alama za saratani, AFP na hCG, ni vya kawaida. Mtaalamu wa homoni na daktari wa mfumo wa mkojo waangalie picha pamoja kabla ya kisu. Kuondoa korodani zote mbili ni kuondoa uzazi moja kwa moja, na baadaye utahitaji sindano za testosteroni maisha yako yote. Tena, upasuaji wowote kwa mtu kama wewe bila dozi ya ziada ya hidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, ni hatari.

Kwa nini hakuna mbegu? Sababu kwako ni mbili, zinasaidiana kukuumiza. Ya kwanza ni mahali vinundu vilipo: vimekaa mlangoni, vinaziba njia. Ya pili imejificha kwenye damu. Testosteroni yako ni 14 nmol/L, mtu akiiangalia peke yake atasema uko sawa. Lakini LH na FSH, homoni za ubongo zinazoziamsha korodani, ni 0.4 na 0.6, chini sana, na androstenedioni, homoni ya kiume inayotoka zaidi kwenye adrenali, ni 28 nmol/L, mara mbili ya testosteroni. Kwa mwanaume ambaye korodani ndizo zinafanya kazi, testosteroni huizidi androstenedioni kwa mbali. Kwa hiyo testosteroni yako nyingi inatoka kwenye adrenali. Ubongo unaona homoni za kiume zimejaa, unaacha kutuma LH na FSH, na korodani zinalala usingizi. Korodani iliyolala haitengenezi mbegu.

Habari njema ni kwamba usingizi huo unaweza kukatika kwa dawa. Ongea na daktari wako kuhusu dozi ya usiku. ACTH hupanda alfajiri, saa kadhaa kabla hujaamka, na prednisoloni ya asubuhi hufika wakati wimbi limeshapita. Kwa mwanaume mwenye vinundu, wataalamu wengi huweka deksamethasoni kidogo sana, 0.25 hadi 0.5 mg usiku, kwa miezi kadhaa, huku wakimfuatilia kwa karibu. Fludrokotisoni, kama unaitumia kwa ajili ya chumvi, isiachwe, maana deksamethasoni haifanyi kazi hiyo.

Nikuonye jambo moja la dukani. Deksamethasoni ipo ya 0.5 mg na ipo ya 4 mg, na kuna watu huitumia kama dawa ya kunenepa. Kidonge kimoja cha 4 mg ni sawa na vinane vya 0.5 mg. Soma namba kwenye pakiti, usiangalie rangi ya kidonge.

Swali (Oktoba, yeye huyo huyo): Daktari, hawakunikata. Nimetumia deksamethasoni 0.5 mg usiku kwa miezi minne bila kuruka. Vinundu vimepungua, 1.2 na 0.9. LH imefika 4.1, androstenedioni 5, testosteroni 11. Shahawa sasa zina mbegu milioni 2 kwa mililita! Ila nimeongezeka kilo 7, presha 146/94, na tumboni nina michirizi ya zambarau. Mke wangu anasema nisiache, maana dawa inafanya kazi. Niendelee?

Jibu: Mpe shemeji hongera, kasema nusu ya ukweli. Dawa imefanya kazi, na dozi imezidi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ugumu wa kutibu watu wazima wenye CAH ulipo.

Hesabu ifanye hivi. Mtu mzima mwenye CAH kwa kawaida huhitaji hidrokotisoni 15 hadi 25 mg kwa siku. Katika kuituliza ACTH, deksamethasoni ina nguvu takriban mara 70 hadi 80 ya hidrokotisoni, miligramu kwa miligramu. Kwa hiyo 0.5 mg yako ni kama hidrokotisoni 35 hadi 40 mg kila siku. Mwili umeanza kukudai: kilo, presha, michirizi. Ukiendelea, watakaofuata ni sukari na mifupa, na mifupa haipigi kelele hadi ivunjike.

Damu nayo imesema hivyo hivyo. Kipimo chako cha 17-OHP, ile mali ghafi inayorundikana ikishindwa kuwa kotisoli, kimeshuka hadi 1.5 nmol/L. Watu wengi hufurahia namba hiyo kwa sababu iko ndani ya mstari wa kawaida. Mimi hainifurahishi. Kwa mwenye CAH, 17-OHP inapaswa kubaki juu kidogo ya kawaida, na ikishuka hadi ya mtu asiye na ugonjwa ni ishara kwamba dawa za steroidi, kama deksamethasoni yako, zimezidi. Namba ya kuifuata ni androstenedioni, pamoja na LH, uzito na presha. Damu itolewe saa ile ile kila mara, asubuhi kabla ya kidonge, la sivyo utakuwa unalinganisha mbuzi na ng'ombe.

Ningefanya hivi kwa mpangilio huu. Kabla ya kugusa dozi, ulizia mahali pa kugandisha mbegu, hata ikibidi kusafiri hadi Dar es Salaam. Milioni 2 ni chache, kikomo cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni milioni 16, lakini ni hai, na huna uhakika kwamba mwakani zitakuwepo. Wengine hutungisha mimba kwa njia ya kawaida hata na idadi ndogo, kwa hiyo endeleeni kujaribu nyumbani. Kisha daktari wako ashushe deksamethasoni hadi 0.25 mg, au akurudishe kwenye hidrokotisoni ya mara mbili au tatu kwa siku. Usiache ghafla. Baada ya wiki 6 rudia damu na presha. Shahawa zipimwe tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu moja huchukua takriban siku 74 kukomaa, na kupima mapema zaidi ni kupima matokeo ya dozi ya zamani.

Kuna kikomo, nikuambie mapema. Vinundu vilivyokaa muda mrefu hugeuka makovu, na kovu halisikii dawa. Vyako vimepungua nusu, hivyo bado vina chembe hai. Vikigoma kushuka zaidi, msiongeze dozi kuvifukuza, mtapata kisukari na vinundu vitabaki palepale. Kuvitoa kwa kisu huku korodani ikiachwa hufanywa zaidi kwa ajili ya maumivu, na mara chache hurudisha uzazi.

Na ukishuka Kyela kubeba mbao ukapata homa, dozi ya steroidi huongezwa mara mbili hadi tatu siku hizo. Ukitapika kidonge, sindano ya hidrokotisoni 100 mg ya msuli inahitajika mara moja. Muombe daktari wako mpango huo wa maandishi, ukae pamoja na kitambulisho chako.

Swali: Mdogo wangu wa kike ana CAH pia, ameolewa Njombe, anatafuta mimba. Nimpe deksamethasoni zilizobaki?

Jibu: Hapana kaka, hata kimoja. Kondo la nyuma huvunja sehemu kubwa ya hidrokotisoni na prednisoloni kabla hazijamfikia mtoto, lakini deksamethasoni hupita. Mwanamke anayetafuta mimba hubaki kwenye hidrokotisoni au prednisoloni. Tofauti yake na wewe ni kwamba kwake kizuizi mara nyingi ni projesteroni ya adrenali, inayopanda hata siku za mwanzo za mzunguko na kuharibu ukuta wa mji wa mimba. Daktari wake aipime siku hizo, aongeze dozi kidogo kidogo hadi ishuke.

Swali: Mtoto wetu atazaliwa nayo?

Jibu: Wewe utampa jeni moja yenye kasoro bila kukosa. Ili augue, lazima na mama ampe moja. Kwa makadirio yanayotumika zaidi, mtu 1 kati ya 60 hivi huibeba bila kujua, na akiwa anaibeba ataipitisha nusu ya mara. Kwa hiyo, kama mkeo si ndugu yako wa damu, uwezekano ni kama 1 kati ya 120. Siku atakapozaliwa, waambie wauguzi mapema. Mtoto mwenye CAH inayopoteza chumvi huanza kutapika na kulegea ndani ya wiki mbili tatu za kwanza, na ni rahisi kudhani ni maambukizi tu.