Kuchapa kwa kijivu bila kupoteza mistari ya grafu

Kuchapa kwa kijivu ni kugeuza kila rangi ya hati kuwa kiwango fulani cha weusi, kati ya weupe wa karatasi na weusi kamili, ili wino wa rangi usitumike. Kinachobaki ni mwangaza wa rangi tu, na ndiyo maana rangi mbili zinazopishana wazi kwenye skrini zaweza kutoka zikiwa kitu kimoja.

Tuchukue mweka hazina wa chama mtaani Umoja, Nairobi, ambaye grafu yake ina mistari mitatu: michango kwa rangi nyekundu, mikopo kwa kijani na marejesho kwa buluu. Kompyuta huhifadhi kila rangi kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255, na kanuni mojawapo iliyozoeleka ya kupata kijivu ni hii, ambapo R, G na B ni namba hizo tatu kwa mpangilio huo, na Y ni kijivu kinachopatikana, 0 ikiwa nyeusi na 255 nyeupe:

```
Y = 0.299R + 0.587G + 0.114B
```

Nyekundu kamili (255, 0, 0) hutoa 76, na kijani kilichokolea kiasi (0, 128, 0) hutoa 75. Tofauti hiyo ya moja jicho haliioni, kwa hiyo mwanachama aliyepewa nakala hawezi kujua kama kilichopanda ni michango au ni mikopo, na kisanduku cha ufafanuzi hakimsaidii, kwa sababu nacho kina vijistari viwili vinavyofanana. Buluu kamili hutoa 29, karibu nyeusi. Manjano, kama ingetumika, ingetoa 226 na kukaribia kupotea kwenye karatasi nyeupe.

Dawa ya kuaminika ni kutoitegemea rangi. Michango ichorwe kwa mstari mzito usiokatika, mikopo kwa vipande vipande, marejesho kwa nukta, kisha jina liandikwe penye mwisho wa kila mstari badala ya kuwekwa kisanduku. Grafu ya nguzo inaweza kutumia vijivu vilivyoachana sana, kama 40, 130 na 210, na kila nguzo izungushiwe mpaka mweusi. Zaidi ya vijivu vitatu au vinne mimi nisingethubutu, hasa ikiwa nakala itatolewa fotokopi tena, kwani printa huunda kijivu kwa vitone vyeusi, na fotokopi huvivuruga vitone hivyo.

Kuhusu wino wenyewe, kuna jambo ambalo wengi hawalitambui: baadhi ya printa za wino huchanganya wino wa rangi ili kupata kijivu laini. Kwenye printa nyingi za HP, chini ya `Print in Grayscale`, chagua `Black Ink Only`. Picha zitaonekana na chembechembe kidogo, lakini mistari ya grafu haitadhurika. Kabla ya kuchapa nakala za wanachama wote, chapa ukurasa wa grafu peke yake, uushike kwa umbali wa mkono, na umwombe mtu ambaye hajaiona grafu hiyo akuonyeshe mstari wa mikopo.