Mshale wa kronografu unaokataa kurudi kwenye sifuri

Nahodha mmoja wa Shela aliniletea saa yake ya kronografu, ile yenye mshale wa kupimia muda, siku chache kabla ya mashindano ya majahazi. Aliivua mkononi, akaiweka juu ya meza yangu, akasema, "Mwanangu, saa hii yanidanganya." Akabonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu mwekundu ukaondoka. Akabonyeza tena, ukasimama. Akabonyeza kitufe cha chini, ukaruka kurudi nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe haukufika vizuri: ulipaswa kulala juu ya 60, ukalala juu ya 58.

Tayari alikuwa ameelekezwa na kijana mmoja aliyeona video kwenye simu: vuta kile kitufe cha kati cha kurekebishia majira, kisha bonyeza vile viwili vya pembeni, mshale utasogea wenyewe mpaka 60. Nahodha alibonyeza usiku kucha na mshale haukusogea hata unywele. Kijana hakumdanganya. Alimpa dawa ya saa ya aina nyingine, na watu wengi hupotea hapohapo, kwa sababu saa zote mbili zinatumia betri na kwa nje zinafanana.

Zitofautishe kwa kuangalia jinsi mshale unavyorudi. Usimamishe popote, tuseme kwenye 20, kisha bonyeza kitufe cha chini huku umekodoa macho. Ukiuona unakimbia kwa hatua ndogondogo, unaizunguka saa mpaka ufike, basi unasukumwa na mota yake. Ukiuona unaruka mara moja, kufumba na kufumbua, basi ndani kuna nyundo na moyo.

Ile ya mota sitakaa nayo sana. Mota haijui mshale uko wapi. Saketi inahesabu hatua tu. Betri ikitolewa, hesabu inapotea, na betri mpya ikiingia saketi inachukua pale mshale ulipo kuwa ndiyo sifuri. Ndiyo maana kasoro hii huja mara tu baada ya kubadilisha betri. Tiba yake ni vitufe, na kila mashine ina namna yake. Kwa mfano, iliyoandikwa Ronda 5030.D unavuta kitufe cha kati mpaka hatua ya tatu, unashikilia vitufe vyote viwili kwa sekunde 2 hivi mpaka mshale mrefu uzunguke duara zima, kisha kitufe cha juu kinausogeza hatua moja moja, na cha chini kinakupeleka kwenye mshale unaofuata. Ukimaliza unarudisha kitufe cha kati. Huhitaji fundi.

Saa ya nahodha ilikuwa na mashine ya VK63. Hii ni mchanganyiko: majira inaenda kwa betri, lakini kurudisha mshale wa kupimia ni kazi ya chuma kwa chuma, kama katika kronografu za kutia ufunguo. Hakuna kitufe cha kuurekebisha kwa sababu hakuna hesabu inayotunzwa popote. Mshale umebanwa juu ya nguzo nyembamba, na kwenye nguzo hiyohiyo, chini ya uso wa saa, kuna kipande cha chuma chenye umbo la kopa ya karata. Tunakiita moyo. Ukibonyeza kitufe cha chini, nyundo inaupiga moyo ubavuni. Umbo lake haliiruhusu nyundo kutulia mahali popote isipokuwa pamoja tu, pale kwenye bonde kati ya mabega mawili. Hata moyo ukiwa umegeuka vipi, nyundo inauteremsha mpaka bonde hilo, na nguzo inageuka nao. Mshale ukiwa umesimama kabla ya 30, unarudi kinyumenyume. Ukiwa umepita 30, unakwenda mbele kumalizia duara. Siku zote unafuata njia fupi.

Kwa hiyo moyo ukirudi sawasawa na mshale ukalala pembeni, mara nyingi kilichohama ni mshale juu ya nguzo yake. Wala hauhitaji kuhama sana. Chukua nguzo yenye unene wa milimita 0.2. Sekunde moja usoni ni nyuzi 6, na nyuzi 6 kwenye ukingo wa nguzo hiyo ni kama milimita 0.01. Mshale wenye urefu wa milimita 14 unaukuza mtelezo huo mpaka milimita 1.5 hivi kwenye ncha, na jicho lolote linauona.

Kabla ya kufungua chochote nilichukua kalamu na karatasi. Nilimwomba nahodha aketi, nikaanza kuurudisha mshale mara kumi, kila mara nikiusimamisha karibu na 20. Ulianza kulala kwenye 58, na kufikia mara ya kumi ulikuwa umesogea nusu sekunde chini zaidi. Kisha nikaurudisha mara kumi nyingine, safari hii nikiusimamisha karibu na 40. Ukaanza kupanda tena kuelekea 58, ukapita kidogo.

Hapo jibu lilikuwa wazi kwangu. Mshale mrefu una uzito wake, na nyundo inaurusha kwa nguvu kisha inausimamisha ghafla. Ukiwa umebanwa vizuri, unasimama pamoja na nguzo. Ukiwa umelegea, nguzo inasimama na mshale unaendelea kidogo upande ule uliokuwa unakwenda. Ukitoka 20 unarudi nyuma, kwa hiyo unapitiliza kuelekea 59 na 58. Ukitoka 40 unakwenda mbele, kwa hiyo unapitiliza kuelekea 1. Mshale uliowekwa vibaya tangu mwanzo lakini umebanwa imara ungelala palepale kila mara, utoke wapi utokako.

Nikamuuliza, "Nahodha, saa hii wapimia nini?" Akasema huwapima vijana wake wanapogeuza tanga, na wakifanya vizuri humaliza ndani ya sekunde 20 hivi. Hivyo karibu kila anapobonyeza kitufe cha chini, mshale unatokea upande uleule, na kila pigo linauvuta upande uleule. Akakumbuka pia kwamba mwezi uliopita mkono wake uligonga ubavu wa jahazi alipokuwa anaruka kushuka. Naamini pale ndipo mshale ulipolegea, na kupima tanga kukamalizia.

Nilibakiza uchunguzi mmoja. Nikiwa nimeifungua saa na mashine imetoka kwenye kasha, niliacha nyundo imelala juu ya moyo, nikaugusa mshale taratibu kwa ncha ya kijiti laini. Kama ungesogea kisha ukarudi wenyewe kama uliofungwa kwa springi, ningesema nyundo haijafika bondeni. Ulisogea na kubaki uliposogezwa. Tundu la mshale limepanuka, basi.

Kuutoa hakuhitaji kuondoa mishale mingine, kwa sababu huu wa kupimia ndio uko juu kabisa. Nililaza kipande cha plastiki laini kilichokatwa katikati juu ya uso wa saa, nikaingiza vishikizo viwili vyembamba chini ya mshale, kimoja kila upande, nikavibonyeza kwa pamoja. Ukiinua upande mmoja tu, nguzo inapinda, na nguzo iliyopinda ni msiba mkubwa kuliko uliokuja nao.

Kubana tundu ndiyo sehemu ya subira. Mshale una kimrija kifupi upande wa chini, na huo ndio unaokaa kwenye nguzo. Ninakishika kwenye kibanio chenye meno matatu, kama kile kinachoshika biti ya drili ndogo, nakaza kidogo sana, natoa, najaribu juu ya nguzo. Nilirudia mara tatu. Mara mbili za kwanza mshale uliingia kwa kuanguka tu. Mara ya tatu ulikaa juu ya ncha ya nguzo ukisubiri kusukumwa, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Ukibana kupita kiasi kimrija kinapasuka, na hapo hakuna dawa ila mshale mpya.

Kuna mafundi wanaomalizia hapa kwa tone la gundi kali. Mimi nimepokea saa za namna hiyo. Mvuke wa gundi huacha ukungu mweupe ndani ya kioo, na siku mshale utakapotakiwa kutoka, unatoka na nguzo yake. Tafadhali, msikubali.

Kuweka upya nilifanya hivi. Nilibonyeza kitufe cha chini, nikahakikisha nyundo imeketi. Nikaiegemeza mashine juu ya kitako kigumu, ili msukumo wa juu usiumize kilicho chini. Nikauweka mshale juu ya nguzo ukielekea 60, nikausukuma nusu tu. Kisha nikaanzisha, nikasimamisha, nikarudisha, na kuangalia kwa lenzi nikiwa juu yake wima kabisa, maana ukiangalia kwa upande mshale ulio sawa utakuonyesha umekosea. Ulikuwa umelala mbele kidogo, kama hatua moja ya mashine hii, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde, isiyofika theluthi ya milimita kwenye ncha. Niliutoa nikauweka tena. Usijaribu kuusokota mshale juu ya nguzo wakati nyundo imeketi, kwa sababu unalisaga tundu ulilotoka kulibana. Mara ya pili ulikaa, nikausukuma mpaka mwisho, nikakagua kwamba haugusi mshale wa dakika wala hautagusa kioo.

Nilipokuwa na kasha tupu mkononi nilikisafisha pamoja na kitufe cha chini. Huku Lamu chumvi hukauka ndani ya njia ya kitufe, kitufe kikawa kizito na hakifiki mwisho wake. Nyundo nayo haifiki bondeni, na mshale unalala popote: leo 3, kesho 57, ukibonyeza kwa nguvu unakubali, ukibonyeza polepole unakataa. Dalili ikiwa hiyo, usiuguse mshale kabisa. Safisha kitufe, badilisha mpira wake, tia mafuta kidogo ya silikoni. Cha nahodha kilikuwa na chumvi, ingawa haikuwa imefika kukizuia.

Baada ya kufunga nilimrudishia karatasi na kalamu, nikamwambia ajaribu mwenyewe. Alisimamisha kwenye 5, 20, 29, 31, 40 na 55. Hiyo 29 na 31 nilimtaka arudie mara nyingi, kwa kuwa hapo mshale unakata karibu nusu duara na pigo lake ni kali kuliko yote. Aliandika 60 mistari yote, akavaa saa, akabonyeza mara nyingine mbili akiwa amesimama mlangoni, kisha akashuka njia ya Usita wa Mui kuelekea gatini.