Kazi zisizotangazwa si za wenye ndugu peke yao

Kuna ujumbe unaosambazwa: "Kazi zisizotangazwa ni za wenye ndugu ndani tu. Sambaza."

Upendeleo upo, tusidanganyane. Lakini nafasi nyingine hukaa kimya kwa sababu bajeti haijapitishwa, au meneja anauliza kwanza anaowafahamu. Sisi wa nje tunaona mtu kaajiriwa tu, tunasema ni undugu.

Dalili za nafasi hizo mara nyingi hutangulia. Kampuni ikitangaza kutafuta meneja wa tawi jipya, mara nyingi wahasibu na watunza ghala hufuata. Hakiki tangazo kwenye tovuti yake, kisha mtafute uliyesoma naye aliyeko huko, au mwenzako wa chama cha taaluma. Usimwombe kazi, muulize, "Timu ya tawi inaundwa lini, na nani anaisimamia?" Anayekudai ada ili akupe kazi, jihadhari naye, huenda ni tapeli.

Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze.