Diski inayogonga: programu au maabara?

Programu ya kurejesha data haigusi sahani za diski. Huiomba diski kipande fulani, diski hukisoma na kukikabidhi, ndipo programu huunganisha vipande kuwa faili. Basi inafaa pale diski yenyewe bado inasoma vizuri, kwa mfano umefuta folda au umefomati kwa bahati mbaya.

Diski inayolia "tak, tak, tak" iko mbali na hapo. Inapowashwa, vichwa vya kusomea hutafuta alama zilizoandikwa kwenye sahani kiwandani. Visipoziona, mkono unaovibeba hurudi hadi ukomo wake na kujaribu tena, na huo ndio mlio unaousikia. Mara nyingi kichwa kimekufa au kimepinda. Hata programu ya bei ghali hapo haina wa kumwomba.

Chukua diski ya nje ya TB 1 iliyoanguka mezani ikiwa inazunguka. Inagonga mara kadhaa, inanyamaza, na kompyuta haioni kitu au inaonyesha ukubwa wa sifuri. Mwenyewe anaichomoa na kuichomeka tena, kisha anaacha programu ikisaka usiku kucha. Ikiwa ni diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika, kichwa kilichopinda kinaweza kupita juu ya sahani mara 90 kila sekunde, kikikwangua utando uleule unaobeba picha zake. Utando ukishakwanguliwa, hakuna maabara itakayourudisha.

Angeichomoa baada ya mlio wa kwanza, maabara ingeifungua kwenye hewa iliyochujwa, ikapachika vichwa vya diski nyingine inayolingana nayo kabisa, ikanakili kila kinachosomeka. Programu ingeanza kazi baada ya hapo, juu ya nakala.

Diski isiyoonekana lakini haigongi ina nafasi ya kujaribiwa nyumbani: badilisha kebo, tundu la USB, kisha kompyuta. Ikijitokeza kwenye `Disk Management` ya Windows kwa jina na ukubwa wake halisi, hata kama faili hazifunguki, nakili kwanza. Kwenye Linux, ukiwa umesimama ndani ya diski nyingine yenye nafasi ya kutosha:

```
sudo ddrescue -d /dev/sdb nakala.img nakala.map
```

Hapa `/dev/sdb` ni diski mbovu. Hakikisha jina lake kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza. Kisha elekeza programu ya kurejesha kwenye `nakala.img`. Mlio ukianza katikati ya kunakili, zima.

Ikiwa haizunguki kabisa, huenda ubao wake wa umeme umeungua. Wengi hununua diski kama hiyo na kuhamisha ubao (wengine huiweka kwenye friza, na kuipa unyevu juu ya ugonjwa). Katika diski nyingi za sasa ubao mtupu hautoshi, kwa kuwa chipu ndogo juu yake huhifadhi vipimo vya diski hiyo peke yake, na lazima ihamishwe pia kwa kuchomelea.