Samaki wa foili: dakika hufuata unene, si kilo

Kila mtu akisema anaoka samaki wa foili, swali la kwanza analoulizwa ni "kilo ngapi?" Halafu anajibiwa: nusu saa, au dakika arobaini kama ni kilo nzima. Jibu hilo limekausha fileti nyingi sana mjini hapa.

Samaki wa foili ni mnofu uliofungwa ndani ya karatasi ya aluminiamu, kingo zikakunjwa mara mbili mpaka mvuke usipate pa kutokea, ukaiva kwa unyevu wake wenyewe ndani ya oveni. Trei iliyotandikwa foili huku samaki yuko wazi juu yake ni kuoka kwa kawaida. Na anayetaka rangi ya kahawia na harufu ya moshi ambanike jikoni, kwa sababu ndani ya kifurushi hazipatikani.

Sasa turudi kwenye kilo. Joto huingia kwenye mnofu kupitia juu na chini, likisafiri kuelekea katikati. Safari inayohesabika ni hiyo ya kutoka juu hadi katikati. Chukua kilo moja ya minofu ya changu yenye unene wa sentimita 1, uitandaze kwenye vifurushi vinne. Itaiva kwa dakika 10 hadi 12. Kilo hiyohiyo ikiwa bonge moja la sangara la sentimita 3 inataka dakika 20 hadi 25. Uzito ni uleule, lakini muda umezidi mara mbili. Ndiyo maana pia ukipanga fileti mbili, moja juu ya nyingine, ndani ya foili moja, umeshatengeneza samaki mnene, na dakika za fileti moja hazikufai tena.

Hesabu hizo ni za oveni ya nyuzi 200 za Selsiasi, iliyowashwa mapema ikapata moto sawasawa, samaki akiwa ameyeyuka barafu yote. Wa sentimita 2 mpe dakika 15 hadi 18. Pima kwa rula pale mnofu ulipo mnene zaidi, wala usipime mkiani. Ukivuka sentimita 3 kuhesabu dakika hakutoshi peke yake, inabidi ufungue uangalie.

Sangara ndiye anayefundisha vizuri, kwa sababu fileti yake haina unene mmoja. Upande wa kichwani hufika sentimita 3, mkiani inabaki 1. Ukiioka nzima kwa dakika 22, mkia unakuwa nyuzi kavu. Ukiitoa kwa dakika 11, huku kwingine katikati kungali kubichi. Kwa hiyo ikate vipande viwili, kila kimoja kifurushi chake. Kinene kinatangulia ovenini, chembamba kinafuata dakika 11 baadaye, na vyote vinatoka pamoja. Kama hutaki kukata, kunja mkia chini yake mpaka unene ulingane, kisha hesabu unene mpya. Sato wa fileti ndogo hana usumbufu huo.

Namna ya kujua ameiva: toa kifurushi, kiache kimefungwa dakika 2 au 3, kwa maana mvuke bado unapika. Kisha kifungue ukigeuzia uso pembeni, mvuke huo unaunguza. Penyeza uma kwenye sehemu nene na uuzungushe kidogo. Nyama ikiachana vipande vipande na rangi ya kioo imeisha yote, imebaki nyeupe ya maziwa, ameiva. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 63 katikati. Ukiona povu jeupe limeganda kwa wingi juu ya mnofu, ni protini iliyosukumwa nje na joto: mara nyingi amekaa mno, punguza dakika mara nyingine.

Kuna na ubishi wa upande unaong'aa. Wengine wanasisitiza uwe ndani, wengine nje. Mng'ao huo unatokana na kiwandani tu, ambako mara ya mwisho karatasi mbili hupitishwa pamoja kwenye rola. Upande ulioguswa na rola unang'aa, ulioguswa na karatasi mwenzake unafifia. Kwa samaki wako havina tofauti ya maana. Chenye tofauti ni ndimu, ukwaju na nyanya. Asidi yake hula aluminiamu ikikaa nayo muda mrefu, kwa hiyo usiloweke samaki usiku kucha ndani ya foili. Mloweke kwenye bakuli, umfunge wakati oveni imeshapata moto.

Basi ukiulizwa "kilo ngapi?", mjibu mwenzako kwa upole kwamba kilo zinamhusu muuzaji wa soko la samaki la Feri. Mwambie achukue rula kwanza, ndipo azungumzie dakika.