"Nani mwenzangu, na unapiga kutoka wapi?": dhana potofu kuhusu sentensi ya kwanza ya mpokeaji simu

Msikilizaji yeyote wa redio kati ya Nakuru na Kisumu anayajua maneno hayo kwa moyo. Katika kipindi cha salamu yanafaa kabisa, kwa sababu aliyepiga amepiga ili asikike: jina lake na mahali alipo ndiyo habari yenyewe, na majirani zake wa Kondele au Njoro wanafurahi kumtambua. Kosa huanza pale maneno hayo yanapohamishwa bila kubadilishwa hadi kwenye laini ya msaada, au kwenye saa ile ya jioni ambapo daktari au wakili anapokea simu kuhusu mambo mazito. Mimi huwafunza wapokeaji simu wa kujitolea hapa Kisumu. Wengi wao hutoka studio, na huja na imani ambazo nimezisikia mara nyingi kiasi kwamba naona ni bora kuzijibu kwa maandishi.

Imani ya kwanza ni kwamba lazima jina litangulie. Husemwa kwamba huwezi kuzungumza na mtu usiyemjua, na kwamba fomu ina nafasi ya jina juu kabisa. Ukweli ni kwamba jina likiulizwa mapema, ndilo huwafanya watu wakate simu. Mnamo 1963 na 1964, mwanasosholojia Mmarekani Harvey Sacks alichunguza simu zilizopigwa kwa kituo cha kuzuia watu kujiua mjini Los Angeles. Aligundua kwamba mfanyakazi akianza kwa kutaja jina lake mwenyewe, mara nyingi mpigaji naye hulitaja lake bila kuulizwa. Lakini kulikuwa na mpigaji aliyejibu kwamba hakusikia vizuri. Mfanyakazi akalirudia jina lake, mpigaji akalitamka tena kana kwamba analihakikisha, na ile nafasi ambayo jina la mpigaji lingetarajiwa ikawa imepita kimya kimya. Hakukuwa na ubishi wala kukataa. Mtu alikuwa amejilinda tu.

Kwetu kuna sababu zaidi za kujilinda. Jina la pili hubeba ukoo na kabila, na swali la "unatoka wapi hasa" kwa mtu wa Nakuru aliyeishi miezi ya mwanzo ya 2008, ya ghasia za baada ya uchaguzi, si swali la ukarimu. Aidha, kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, lakini hofu iliyojengwa kwa miongo haiondoki kwa hukumu moja. Kwa hiyo ninawafunza wapokeaji wetu wataje jina lao la kwanza, kisha wasiulize lolote kuhusu jina la mwenzao. Akilitaja, vyema. Asipolitaja, huko nako ni kujibu. Mazungumzo yakishashika njia, mpokeaji anaweza kuuliza, "Ungependa nikuite nani?" na kulipokea jina lolote litakalotolewa, hata kama ni la kubuni.

Imani ya pili ndiyo ngumu zaidi kuing'oa, kwa sababu imefungwa kwenye adabu yetu: kwamba mtu hukaribishwa kwa mfululizo wa salamu. Habari yako, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na kazi je. Sina nia ya kuidharau desturi hiyo, maana ndiyo iliyonilea. Lakini "habari" katika Kiswahili si swali, ni nusu ya salamu, na nusu ya pili imeshapangwa: nzuri, njema, salama. Hata aliyefiwa, ukimsalimu akiwa matangani, atasema "nzuri" kwanza ndipo aseme msiba. Sasa fikiria mama aliyepigwa usiku huu, au kijana aliyekwisha kuandika barua ya kuaga. Unamwuliza "habari yako?" naye, kwa adabu, anasema "nzuri". Ameshatamka jambo lisilo kweli kwa sababu lugha imemlazimu, na ili afike alikokusudia ni lazima aligeuze neno lake mwenyewe. Wengine hawaligeuzi. Huuliza swali dogo la pembeni, kama vile kliniki hufunguliwa saa ngapi, kisha hushukuru na kuondoka.

Mwenye sikio lililozoea husikia alama za mtu anayetafuta mlango wa kutokea ndani ya salamu. Kuna "nzuri tu", ambapo "tu" hushuka chini. Kuna "nzuri kiasi", "tunamshukuru Mungu", na "salama, isipokuwa". Nimesikia rekodi za mazoezi ambamo mpokeaji mzuri, mwenye moyo, aliliacha hilo "isipokuwa" lipite kwa sababu alikuwa bado na salamu mbili za kumalizia. Aliuliza kuhusu watoto, na watoto ndio waliokuwa shida yenyewe.

Hii haimaanishi kuacha salamu. Mama mzee akianza kwa kusema "hujambo, mwanangu", mjibu "sijambo, mama", wala usimkatize anapouliza hali yako. Ninachokataa ni mpokeaji kuanzisha swali lenye jibu la lazima. Kiswahili kimetupa neno la kumpokea mtu bila kumwuliza chochote, nalo ni "karibu". Hakuna anayelazimika kusema uongo baada ya kuambiwa karibu.

Imani ya tatu inahusu mwaliko wenyewe. Wengi hudhani kwamba maneno yoyote ya kuuliza yanatosha. Chukua "una shida gani?" Anayepiga kwa niaba ya jirani hana shida yake mwenyewe, na anayedhani yake ni ndogo atajibu kwamba si shida, alitaka tu kuuliza. "Kwa nini umepiga?" huulizwa na mtu anayedai maelezo, na hata ikitamkwa kwa upole ina harufu ya lawama. "Nikusaidie nini?" inafaa kwa wakili redioni, kwa sababu hapo mtu amekuja na ombi, lakini aliyepiga ili tu asikilizwe hana kitu cha kuomba. Baya kuliko yote ni kukisia: "Ni mambo ya ndoa, sivyo?" Utafiti wa John Heritage na Jeffrey Robinson kuhusu daktari na mgonjwa nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba wagonjwa walioulizwa swali la wazi walieleza matatizo yao kwa urefu na kwa kina kuliko walioombwa tu kuthibitisha kile daktari alichokwisha kudhani.

Sentensi tunayotumia sisi ni hii: "Laini ya msaada, mimi ni Akinyi. Karibu, nakusikiliza. Anza popote unapotaka." Ina huduma, ili mtu ajue hakukosea nambari, ina jina la mpokeaji, ina mapokezi, na inampa ruhusa ya kuanzia katikati, kwa sababu watu wenye uchungu mara chache huanza mwanzo. Haina swali hata moja. Akianza kwa Kidholuo au Kiluhya, mpokeaji anayekijua humfuata hukohuko, na asiyekijua humwambia hivyo mara moja na kumwunganisha na mwenzake.

Kuhusu ukimya, studio imetufunza vibaya. Mtangazaji huogopa sekunde tatu za kimya, naye ana haki, kwa maana wasikilizaji hudhani kituo kimezimika. Kwenye laini ya msaada, kimya baada ya "karibu" si dalili kwamba simu imekatika. Sikiliza kwanza: kuna pumzi, televisheni, mvua juu ya mabati? Kama ipo sauti yoyote ya mahali, laini iko hai. Hesabu polepole hadi kumi, kisha sema jambo lisilohitaji jibu: "Nipo. Hakuna haraka." Usiseme "halo, halo, unanisikia?" kwa kuwa hapo unamdai sauti ambayo bado hana. Ukihisi kwamba huenda kuna mtu karibu naye anayemzuia, mwambie anaweza kugonga simu kwa kidole badala ya kusema. Ikikatika, usimpigie bila kuwa mmekubaliana, kwa kuwa simu inaweza kuwa mkononi mwa yule anayemwogopa.

Redioni, mambo mengine ni ya mtayarishaji aliye kwenye laini ya ndani, wala si ya mtangazaji: kumwomba mpigaji apunguze redio yake ili kusiwe na mwangwi, kumweleza kwamba simu inarekodiwa na kwa matumizi gani, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalidai, na kumwambia waziwazi ni lini atakuwa hewani. Mtangazaji akilazimika kuyasema hayo yote, mwaliko wake humezwa.

Bado kuna ahadi ya siri. Wengi huamini kwamba kusema "kila kitu hapa ni siri" humtuliza mpigaji. Humtuliza kweli, hadi atakapogundua kwamba haikuwa kweli. Mtoto akiwa hatarini, hatuwezi kunyamaza. Ninashauri tahadhari hiyo itolewe pale mpigaji anapokwisha kutaja kichwa cha jambo, kabla hajaanza kutaja watu: "Haya yanabaki kati yetu, isipokuwa kama maisha ya mtu au usalama wa mtoto uko hatarini."

Nitoe mfano wa simu ya mazoezi, ambayo tumeitunga kutokana na aina ya simu tunazopokea. Ni saa tatu usiku. Katika jaribio la kwanza mpokeaji anasema, "Habari ya jioni, nani mwenzangu?" Mwanamke anajibu, "Nzuri. Mimi ni… mama tu." "Unapiga kutoka wapi, mama?" "Upande wa Ahero." "Na una shida gani?" "Si shida. Nilitaka kujua kama mnasaidia watu wa shule." Mpokeaji anampa nambari ya watoto, 116, ambayo hailipiwi, na simu inaisha. Jibu ni sahihi, na hakuna aliyejua liliombwa kwa ajili ya nini.

Katika jaribio la pili, mwanamke yuleyule anasikia, "Laini ya msaada, mimi ni Akinyi. Karibu, nakusikiliza. Anza popote unapotaka." Kimya. Mbwa anabweka kwa mbali. Akinyi anasema, "Nipo." Mwanamke anavuta pumzi. "Binti yangu amekataa kurudi shule, na leo ameniambia sababu." Akinyi haulizi sababu ni ipi. Anatoa ile tahadhari ya siri kwa sentensi moja, kisha anasema, "Endelea, mama." Mwanamke anamtaja mwalimu.