Misuli Inayouma Siku ya Pili: Mwongozo kwa Wanafunzi na Makocha

Timu ya shule imerudi kutoka likizo ya wiki sita. Jumatatu jioni kocha anawapeleka wachezaji kilimani, wakimbie kuteremka kwa kasi mara 10, kisha waruke kichura raundi 5. Wanamaliza wamechoka, lakini hakuna anayelalamika. Jumanne asubuhi mapaja yamekakamaa kidogo. Jumatano hali ni mbaya zaidi: wanashuka ngazi wameshika ukuta, na wakitaka kukaa wanajitupa kwenye kiti kwa sababu mapaja hayakubali kuwashusha polepole. Jumatano hiyohiyo jioni ratiba inasema kuna mazoezi ya kasi. Kocha afanye nini?

Jibu linategemea kuelewa maumivu haya yanatoka wapi, na hapa kuna dhana moja ya zamani inayopaswa kuondolewa kwanza. Wengi wamefundishwa kwamba ni asidi ya laktiki iliyobaki ndani ya msuli. Sivyo. Laktati, yaani umbo la asidi hiyo mwilini, inayopanda wakati wa mazoezi makali hurudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, ilhali maumivu tunayoyazungumzia huanza baada ya saa 12 hadi 24 na hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilijaribu jambo hili moja kwa moja kwa kuwakimbiza watu dakika 45 kwenye mashine, mara moja ikiwa tambarare na mara nyingine ikiwa imeinamishwa kama mteremko. Kwenye tambarare laktati ilipanda, lakini misuli haikuuma siku zilizofuata. Kwenye mteremko laktati haikupanda, na misuli ikauma.

Kwa hiyo tuutazame mteremko. Unapopanda kilima, msuli wa mbele wa paja hujikaza huku ukifupika, unausukuma mwili juu. Unapoteremka, msuli huohuo hufanya kazi ya breki: kila mguu unapogusa ardhi goti hujikunja, na msuli hujikaza ili kuuzuia mwili usianguke, lakini unafanya hivyo huku ukivutwa na kurefuka. Ndivyo ilivyo pia unapotua baada ya kuruka kichura, unaposhusha chuma taratibu, au unaposhusha kifua kuelekea chini kwenye pushapu. Kazi ya namna hii haichoshi pumzi sana, na ndiyo maana inawadanganya wachezaji na makocha. Nyuzi chache za msuli hubeba mzigo mkubwa, na ndani ya nyuzi hizo vipande vile vilivyo dhaifu huvutwa kupita kiasi mpaka mpangilio wake unavurugika. Utando wa uzi ukijeruhiwa, kalsiamu huingia mahali isipotakiwa na kuanzisha uvunjaji wa protini za hapo.

Baada ya hapo mwili huanza kukarabati. Maji hujikusanya, chembe za kinga huja kusafisha, na kemikali zinazotolewa huzifanya ncha za neva zilizomo kwenye msuli na kwenye utando unaouzunguka ziwe nyepesi kuhisi. Kugusa au kunyoosha ambako jana hakukuuma, leo kunauma. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na hapo ndipo ucheleweshaji unapotoka. Mwanafiziolojia Mmarekani Theodore Hough aliyatofautisha maumivu haya na yale ya uchovu wa papo hapo tangu mwaka 1902, akayahusisha na michaniko midogo ndani ya msuli. Utafiti wa baadaye umeongeza mengi, lakini mwelekeo wake ulikuwa sahihi.

Sasa turudi kwa kocha wetu Jumatano jioni. Jambo analopaswa kulijua kuliko yote ni kwamba ukubwa wa maumivu si kipimo kizuri cha ukubwa wa madhara. Nguvu za msuli hushuka mara tu baada ya zoezi, yaani Jumatatu jioni, kabla hata ya maumivu kuanza. Na zinaweza kuchelewa kurudi hata pale maumivu yanapokuwa yameisha, hasa kama zoezi lilikuwa kali na msuli haukulizoea. Zaidi ya hapo, msuli uliojeruhiwa hivi huharibu kidogo uwezo wa mchezaji kuhisi kiungo chake kiko wapi. Mchezaji anadhani amekunja goti kiasi fulani, kumbe sivyo. Mchanganyiko wa udhaifu na makadirio mabaya ndio unaonifanya niseme bila kusita: Jumatano hiyo pasiwe na mbio za kasi, pasiwe na kuruka, na pasiwe na majaribio ya kuchagua timu. Matokeo yatakayoandikwa siku hiyo hayamwelezi mchezaji. Yanaeleza tu kilichotokea Jumatatu.

Lakini kuwalaza kabisa nako si lazima. Kwanza kocha awakague. Maumivu ya kuchelewa huenea kwenye msuli mzima, mara nyingi miguu yote miwili, na mchezaji hawezi kutaja dakika yalipoanza. Msuli uliochanika ni tofauti: mchezaji anakumbuka hatua aliyosikia mkato, anaweza kuonyesha mahali kwa kidole kimoja, na huenda pakavilia damu. Huyo haingii kwenye mpango huu. Anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya. Waliobaki watembee au waendeshe baiskeli kwenye tambarare dakika 15 hadi 20, kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi. Maumivu yatapungua wakiwa wanajongea, na yatarudi baadaye. Nafuu hiyo ni ya muda, haiharakishi uponaji, lakini inamwezesha mtu kufanya kitu. Muda uliobaki utumike kwa mbinu za mchezo wakiwa wanatembea, au kwa mazoezi ya sehemu ya mwili ambayo haikuumia.

Wachezaji wataulizia tiba, na wanastahili kuambiwa ukweli. Kujinyoosha kabla au baada ya mazoezi kuna faida zake kwingine, lakini majaribio mengi yakiunganishwa yanaonyesha kwamba hupunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo mno ambacho mchezaji hatakihisi. Tena kulinyoosha kwa nguvu paja linalouma Jumatano ni kuongeza mvuto kwenye nyuzi ambazo tayari zilivutwa kupita kiasi. Masaji hupunguza hisia ya maumivu kwa kiasi fulani. Kukaa kwenye maji baridi ya nyuzijoto 10 hadi 15 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 15 pia husaidia wengine kujisikia vizuri, na yanafaa wakati kuna mechi kesho yake. Wanaotafuta kujenga misuli wasiyafanye kuwa mazoea ya kila baada ya mazoezi ya vyuma, kwa sababu yanaweza kupunguza ukuaji wa msuli. Usingizi wa kutosha, maji na milo ya kawaida yenye protini ndiyo malighafi ya ukarabati wenyewe, na hakuna kinachochukua nafasi yake.

Kuhusu dawa za maumivu nina msimamo mkali kidogo. Kocha asiwagawie wanafunzi dawa kama diklofenaki au ibuprofeni ili wamalize mazoezi. Mwili ukiwa umepungukiwa maji na misuli imevunjika, dawa hizo huibebesha figo mzigo mwingine, na pia zinaweza kuumiza tumbo. Uamuzi huo ni wa mhudumu wa afya anayemfahamu mwanafunzi.

Suala la figo ni zito, maana kuna hali adimu inayoanza kama maumivu ya kawaida lakini siyo. Nyuzi nyingi za msuli zikivunjika kwa pamoja, yaliyomo humwagika kwenye damu na yanaweza kuziharibu figo. Mkojo huwa wa kahawia, mithili ya chai ya rangi iliyokolea. Msuli huvimba na kuwa mgumu, mkono haukunjuki au mguu haunyooki, na maumivu yanapita kabisa kiwango cha zoezi lililofanyika. Mkojo unaweza usibadilike kwa kila mtu, kwa hiyo uvimbe mkubwa pamoja na udhaifu mkubwa vinatosha kumpeleka mwanafunzi hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kesho. Daktari atapima damu kuona kimeng'enya cha msuli kimepanda kiasi gani na figo zinafanyaje kazi. Hatari huongezeka kwenye joto kali, kwa mtu mwenye homa, kwa mwenye vinasaba vya selimundu, na pale zoezi moja linaporudiwa mamia ya mara kwa mtu asiyelizoea. Adhabu ya pushapu au ya kuruka kichura ina sifa hiyo ya mwisho hasa, kwa sababu mwanafunzi hawezi kusimama anapohisi mwili umefika mwisho. Kwa sababu hiyo pekee adhabu ya namna hiyo haifai kuwepo uwanjani.

Tuseme hakuna dalili hizo. Ijumaa au Jumamosi kocha anaweza kupima kama wachezaji wako tayari. Mwambie mchezaji akae kwenye kiti polepole kwa hesabu ya nne na kuinuka bila kutumia mikono. Kisha aruke juu mara tatu, na urefu ulinganishwe na rekodi yake ya siku za kawaida. Kama anajitupa kitini, au kama mruko bado uko chini waziwazi ya kawaida yake, nguvu hazijarudi, hata kama anasema haumwi tena. Aongezewe siku. Kwa wengi hali huisha ndani ya siku tano hadi saba.

Jumatatu ya pili mteremko urudi, kwa kipimo kidogo. Msuli uliopitia kazi hii mara moja hujenga kinga: zoezi lilelile likirudiwa, maumivu na upungufu wa nguvu huwa vidogo sana. Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, na katika majaribio ya misuli ya mkono dalili zake zimeonekana hata baada ya miezi sita. La kumfurahisha kocha ni kwamba haidai mateso ya kwanza. Dozi ndogo tu inatosha kuianzisha. Timu yetu ingeweza kuteremka mara 3 kwa mwendo wa wastani na kuruka kichura mara 10 Jumatatu ile ya kwanza, ikateremka mara 5 wiki iliyofuata, na kufika miteremko 10 wiki ya nne, bila mtu kushika ukuta. Kinga ni hasa ya msuli uliofanya kazi, kwa hiyo anayezoea kuteremka hajajikinga na pushapu. Vilevile mchezaji anayejiunga na timu wiki ya nne hana kinga hiyo, hata awe na pumzi kuliko wote. Aanze na mara 3 zake, wenzake wakiwa kwenye 10.